Soda Ipi, Mwanafunzi?

Neno "soda", ukiacha kile kinywaji, lina wenyewe watatu. Soda ya kuumulia mandazi ni sodiamu haidrojenikaboneti. Soda ya kufulia ni sodiamu kaboneti. Nayo ile kali ya kutengenezea sabuni, iunguzayo ngozi, ni sodiamu haidroksidi.

Niliwahi kumwagiza mwanafunzi ayeyushe gramu 10.6 za sodiamu kaboneti kavu, afanye lita moja. Akasikia "soda", akapima ile ya mandazi. Mililita 25 za maji hayo zilipaswa kumaliza mililita 25 za asidi ya haidrokloriki ya moli 0.2 kwa lita. Zilimaliza 15.8 tu. Akailaumu bureti.

Bureti haikuwa na kosa. Moli moja ya kaboneti hudai moli mbili za asidi. Ya haidrojenikaboneti hudai moja, kwani nafasi ya pili imekwisha kushikwa na haidrojeni. Habari hiyo imo ndani ya jina lenyewe! "Soda" haikwambii neno. Ndiyo maana, walimu wenzangu, mimi hukataa chupa yoyote maabarani iliyoandikwa "soda" pekee.