Raba Iliyokula Shela

Bibi harusi alirudi studio siku ya tatu, picha mkononi, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye pindo la shela. "Fundi, shela langu lina darizi mpaka chini. Mbona hapa limekatika kama limeliwa na panya?" Fundi alitazama picha, akatazama kompyuta, akakohoa. "Dada, niachie mpaka kesho."

Alichokuwa amefanya ni kazi ya kila siku kwenye studio za harusi. Nyuma ya maharusi kulikuwa na pazia la kahawia na waya wa spika, naye alitaka rangi moja tulivu ya maziwa. Akaiweka rangi hiyo kwenye leya ya chini, picha ya maharusi kwenye leya ya juu, halafu akachukua raba na kulifuta pazia mpaka maziwa yakatokea. Leya ni kama karatasi za plastiki angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: ukitoboa ya juu, unaona ya chini. Photoshop inazo tangu toleo la 3.0 la mwaka 1994.

Tatizo ni kwamba alitoboa kweli. Darizi ni nyeupe, maziwa nayo ni karibu na nyeupe, na usiku ule, macho yamechoka, hakuona kwamba brashi nene imepita juu ya pindo.

Je, si angerudisha nyuma kwa `Ctrl+Z`? Photoshop kwa kawaida huweka kumbukumbu ya hatua 50, na kila mpigo wa raba ni hatua moja. Mtu anayesafisha kingo za shela humaliza 50 kabla chai haijapoa. Isitoshe, kumbukumbu hiyo hupotea faili likifungwa. Ikabidi fundi achukue tena picha ya asili kwenye kadi ya kamera na kuanza upya, nywele, vidole, shada la maua na vyote.

Safari hii alitumia maski. Kwenye orodha ya leya, alibofya leya ya maharusi, kisha kitufe cha chini chenye mstatili uliobeba duara. Kando ya kijipicha cha maharusi kikajitokeza kijipicha kingine, cheupe kitupu. Hicho ndicho maski, nayo yenyewe ni picha ya nyeupe, nyeusi na kijivu tu. Palipo nyeupe leya inaonekana, palipo nyeusi imefichika, na palipo kijivu inaonekana nusunusu. Fundi alipaka nyeusi juu ya pazia, pazia likatoweka machoni, lakini kila nukta yake ingali ndani ya faili.

Akakosea tena palepale kwenye pindo, maana mkono ni ule ule. Akabonyeza `X`, rangi ya brashi ikageuka nyeupe, akapitisha brashi nyembamba mara moja, na darizi ikarudi na nyuzi zake zote. Angeweza kufanya hivyo hata baada ya mwezi, mradi kazi imehifadhiwa kama PSD, au XCF kwa wanaotumia GIMP. JPEG haibebi leya wala maski: hugandisha kila kitu kuwa picha moja. Hiyo ni ya kumpa mteja, isiwe nakala pekee inayobaki studio.

Wanaoanza huteleza mahali pamoja: hubofya kijipicha cha picha badala ya cha maski, wakajikuta wamempaka bibi harusi masizi shavuni. Kijipicha chenye fremu pembeni ndicho kinachopokea brashi, kwa hiyo jicho lipite pale kwanza. Kukagua kama kuna makombo ya pazia yaliyobaki, shika `Alt` ubofye maski. Itajaza skrini, na kila doa jeupe lililosahaulika kwenye weusi litajitangaza. Ukishika `Shift` ukabofya, maski inazimwa na ukumbi mzima unarudi, pazia, waya na vyote.

Kuna jambo moja ambalo maski haikumtatulia. Sehemu ya juu ya shela ni wavu mwepesi, na pazia lilikuwa linaonekana kupitia matundu yake. Alipopaka kijivu cha katikati, ukahawia ulipungua lakini haukuisha, kwa sababu maski huamua kiasi cha kuonekana tu, haibadilishi rangi. Fundi alilazimika kuongeza leya nyingine juu, akaiunganisha na shela pekee, na kuufifisha ukahawia kwa rangi ya maziwa kidogokidogo. Leya hiyo nayo aliipa maski yake, na bibi harusi aliposema wavu umepauka mno karibu na sikio, kilichohitajika ni mipigo miwili ya brashi nyeusi huku yeye mwenyewe akiangalia.