Mapitio ya Vifo vya Uzazi: Soma Jedwali kwa Kushuka

Sura ya pili ya tasnifu nyingi kuhusu vifo vya uzazi huenda hivi: mtafiti wa kwanza alichunguza hospitali akakuta upungufu wa damu, wa pili alihoji familia vijijini akakuta tatizo la nauli, wa tatu akakuta lingine. Mwandishi amesoma sana, lakini bado hajatuambia kwa nini akina mama wanakufa.

Dawa yake ni jedwali. Kila utafiti upe safu mlalo yake. Kwa safu wima, pa kuanzia ni makala ya Sereen Thaddeus na Deborah Maine ya mwaka 1994, iliyotaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ongeza safu ya nne, ambayo wengi huisahau: habari za marehemu zilipatikana wapi? Ukishajaza, acha kusoma kwa kwenda kulia. Soma kwa kushuka.

Tuseme tafiti za hospitali zimejaza safu ya tatu, na za vijijini zimejaza mbili za mwanzo. Anayeorodhesha ataandika kwamba watafiti wanapingana. Lakini itazame safu ya nne. Faili la hospitali hufunguliwa mama anapopokelewa. Aliyefia njiani hana faili. Ndugu waliohojiwa nyumbani wanakumbuka usiku ule wa kumsubiri mume atoe ruhusa, na pikipiki iliyokosekana. Kama benki ya damu ilikuwa tupu, huenda hawakuambiwa. Kila upande umeona kipande cha safari ileile. Aya yako basi ianze na hoja hiyo, kwa mfano: “Chanzo cha taarifa huamua ni ucheleweshaji upi utaonekana.” Majina ya watafiti yafuate, kama ushahidi.

Usiufanye mgawanyo huo wa aina tatu kuwa sheria. Fedha, kwa mfano, hujitokeza katika safu zote: familia inasita kwa kuogopa gharama, inatafuta nauli, kisha inaambiwa ikanunue dawa nje. Ukiikata vipande vitatu utaificha. Ipe sehemu yake.

Rasimu ikikamilika, jaribu kubadilisha mpangilio wa aya zake. Kama hakuna kinachoharibika, bado umeandika orodha. Angalia pia aya ngapi zinaanza na jina la mtu na mwaka.

Kisha rudi kwenye visanduku vilivyobaki vitupu. Shirika la Afya Duniani huhesabu pia vifo vinavyotokana na ujauzito hadi siku 42 baada ya mimba kumalizika. Ikiwa tafiti ulizokusanya zinaishia siku mama aliporuhusiwa kutoka wodini, wiki zinazofuata hazina shahidi. Liseme hilo wazi, kwa sababu huenda ndilo swali la utafiti wako.