Banda la Saruji na Sindano ya Siku ya Tatu

Mama mmoja mfugaji wa Chamazi, wilayani Temeke, alinipigia simu alfajiri. Hata shikamoo yangu aliiitikia kwa haraka. Alikuwa amepoteza mtoto wa nguruwe wa pili ndani ya siku tatu. "Daktari, kinachonichanganya ni kwamba anayekufa ndiye mnene. Vile vidhaifu vipo tu, vinanyonya."

Nilimuuliza wana siku ngapi. Kumi na sita. Je, sakafu ni ya nini? Saruji, banda jipya, wamemwaga zege mwaka huu. Wamechomwa sindano ya chuma? "Hapana. Miaka yote sijawahi kuchoma, na hawajawahi kufa hivi."

Alikuwa anasema kweli, na jibu la fumbo lake lilikuwa humo humo. Banda lake la zamani lilikuwa la mabanzi juu ya udongo mtupu. Mtoto wa nguruwe huanza kufukua kwa pua akiwa bado mchanga kabisa, na kila anapofukua humeza udongo kidogo. Katika udongo huo ndimo alimokuwa akipata madini ya chuma ambayo maziwa ya mama yake hayana ya kutosha. Zege ilileta usafi, ikapunguza minyoo na tope, lakini ilifunga pia njia hiyo. Watafiti wawili, McGowan na Crichton, walionyesha tangu mwaka 1923 kwamba ugonjwa huu wa kupungukiwa damu kwa watoto wa nguruwe chanzo chake ni upungufu wa chuma. Katika mabanda ya Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande, ambako viwanja ni vidogo na nguruwe hafunguliwi kutembea, bado nakutana nao mara kwa mara.

Hesabu yake si ngumu. Mtoto wa nguruwe huzaliwa akiwa na chuma kiasi cha miligramu 40 hadi 50 mwilini, na sehemu kubwa tayari iko kwenye damu. Kila siku anahitaji kama miligramu 7, kwa sababu anakua kwa kasi kuliko karibu mnyama yeyote mwingine tunayemfuga. Uzito aliozaliwa nao huongezeka maradufu ndani ya wiki moja hivi. Maziwa humpa miligramu 1 tu kwa siku. Kwa hiyo kila siku anapungukiwa na miligramu 6, na akiba ya kuzaliwa inakwisha siku ya nane au hapo karibu. Baada ya hapo mwili unaendelea kukua lakini damu haiongezeki kulingana nao. Ndiyo maana mnene hutangulia kufa: ana mwili mkubwa zaidi wa kugawiwa damu ile ile. Mdogo anayenyonya chuchu ya nyuma isiyo na maziwa mengi hukua polepole, akiba yake ikadumu zaidi.

Watu wengi hufikiri dawa ni kumchoma mama au kumwongezea chuma kwenye chakula. Haisaidii. Chuma hicho hakipiti kwa kiasi cha maana kwenye kondo la nyuma wala kwenye maziwa.

Nilipofika nilianza na masikio. Mshike mtoto mweupe, lielekeze sikio kwenye mwanga: mwenye damu nzuri sikio lake lina rangi ya waridi na mishipa midogo inaonekana. Hawa masikio yao yalikuwa kama karatasi. Kwa nguruwe weusi au wekundu ngozi haikuambii kitu, kwa hiyo geuza kope la chini na uangalie fizi. Manyoya yalikuwa yamesimama, wengine walikuwa na mharo mwepesi. Mmoja alikimbia hatua chache tu, kisha akasimama ubavu ukidunda kwa nguvu. Huyo usimkimbize wala usimnyanyue kwa vurugu, kwani moyo wake unafanya kazi ya ziada na purukushani ndogo inaweza kummaliza.

Wale wanane waliobaki tuliwachoma hapo hapo walipolala, hata wenye mharo, kwani hawangeweza kusubiri. Rangi ilianza kurudi baada ya siku kadhaa na hakufa mwingine. Lakini walifika siku ya kuachishwa wakiwa wamedumaa, mmoja hasa, na uzito uliopotea katika wiki ya pili na ya tatu haurudi kirahisi.

Kwa hiyo suala lote ni siku. Wakati mzuri ni siku ya tatu baada ya kuzaliwa, au ya nne ukichelewa. Siku ya kwanza mwache anyonye dang'a. Misuli yake bado ni midogo mno. Kipimo ni miligramu 200 za aironi dekstrani, mara moja. Gawanya kwa ule upungufu wa 6 kwa siku: zinamtosha kama mwezi mzima, na kufikia hapo anakuwa ameanza kutafuna chakula chenye chuma.

Hapa kwetu kosa kubwa liko kwenye chupa. Zipo za asilimia 10 na za asilimia 20. Ya kwanza unatoa mililita 2, ya pili mililita 1 tu. Mfugaji mwenye jike mmoja mara nyingi hanunui chupa nzima, anapimiwa dukani kwenye bomba, anarudi nyumbani na maji ya kahawia asiyojua nguvu yake. Omba uione chupa kabla hawajakupimia, usome ile asilimia.

Choma kwenye msuli wa shingo, nyuma ya sikio, kwa sindano fupi. Vuta ngozi pembeni kwa kidole gumba, choma, sukuma taratibu, toa sindano ndipo uachie ngozi. Tundu la ngozi na la msuli yanapishana, dawa haitoki. Ukiona tone la kahawia likitiririka shingoni, ujue kipimo hakikukamilika. Pajani usichome: unaweza kugusa mshipa wa fahamu akachechemea, na nyama ya paja inabaki na doa.

Mtoto anayeharisha au mgonjwa msubirishe apone, maana bakteria nao hustawi kwa chuma. Na mara chache sana watoto hufa saa chache baada ya sindano. Hapo mara nyingi mama alikosa vitamini E na seleniamu wakati wa mimba, jambo linalowezekana kama alilishwa pumba za mpunga zilizokaa hadi mafuta yake yakachacha. Likitokea, acha kuchoma waliobaki na umwite daktari. Mimi kwa jike nisiyemjua, kama watoto bado hawajaugua, huchoma wawili kwanza, nikasubiri hadi kesho yake.

Wengine huweka udongo mwekundu bandani. Unasaidia ukibadilishwa kila siku, lakini mchanga mweupe wa pwani hauna chuma cha kutosha, na udongo uliokanyagwa na nguruwe wengine unaleta mayai ya minyoo. Sindano ni ya uhakika zaidi.

Jike yule alizaa tena, watoto kumi na mmoja. Mama alichukua chaki akaandika ukutani, juu ya mlango wa banda: "Jumapili, kuzaa. Jumatano, chuma." Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: "Mmoja anaharisha, yeye Jumamosi." Nilipopita siku ya kumi na sita, nililishika sikio la mnene kuliko wote nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Mishipa ilionekana yote.