Halima, Harima na Salima: Kulinganisha Majina Bila Kuyaonyesha

Tuseme Halima Rashidi alianza dawa za kifua kikuu katika zahanati ya kijijini kwao, kisha akahamia mjini na kuendelea na matibabu katika hospitali ya huko. Karani wa zahanati aliandika "Halima Rashidi". Karani wa hospitali, aliyelisikia jina kupitia dirisha la masjala siku yenye foleni ndefu, akaandika "Harima Rashid". Anayetaka kujua wagonjwa wangapi waliacha dawa na wangapi walihama tu, ni lazima atambue kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Lakini zahanati haina ruhusa ya kumpa mtu wa nje orodha ya majina ya wagonjwa wake. Je, majina yanaweza kulinganishwa bila kuonyeshwa?

Jibu linalowajia wengi kwanza ni heshi. Hii ni hesabu inayosaga maandishi yoyote na kutoa alama yenye urefu uleule kila mara. Ile iitwayo SHA-256 hutoa herufi na tarakimu 64. Jina lilelile hutoa alama ileile, na hakuna njia ya kuirudisha alama iwe jina, kama unga usivyorudi kuwa mahindi. Basi kila upande usage majina yake, alama zilinganishwe, kazi iishe.

Kazi haiishi. Ni kweli unga haurudi kuwa mahindi, lakini anayetaka kujua ulitoka kwenye mahindi gani hana haja ya kuurudisha. Anachukua kila aina ya mahindi iliyopo sokoni, anaisaga, kisha analinganisha unga na unga. Majina ya watu si mengi kiasi hicho. Anayepata daftari la wapiga kura au orodha za matokeo ya mitihani ana karibu majina yote ya nchi, na kompyuta ya kawaida husaga mamilioni kwa sekunde.

Jambo hili lilitokea New York mwaka 2014. Takwimu za safari milioni 173 za teksi zilitolewa kwa umma, namba za magari na za leseni za madereva zikiwa zimefichwa kwa heshi ya MD5. Mhandisi wa programu, Vijay Pandurangan, aliona kwamba namba zinazowezekana ni takriban milioni 24 tu. Alizisaga zote, na katika muda usiozidi saa mbili akawa na namba halisi za magari na madereva.

Dawa ya udhaifu huo ni kuchanganya jina na ufunguo wa siri kabla ya kusaga, njia inayoitwa HMAC. Asiye na ufunguo hawezi tena kusaga orodha yake na kulinganisha. Hata hivyo mambo mawili yanabaki. Jina linalojirudia sana hutoa alama inayojirudia sana, na anayejua majina yanayopendwa katika eneo hilo anaweza kukisia. La pili ndilo linalomkwamisha Halima: ukibadilisha herufi moja, alama yote inabadilika. Alama ya "Halima" na ya "Harima" hazifanani hata kidogo, kwa hiyo kwenye hesabu mgonjwa wetu ataonekana ameacha dawa.

Mwaka 2009 watafiti watatu wa Ujerumani, Rainer Schnell, Tobias Bachteler na Jörg Reiher, walipendekeza njia nyingine. Walichukua kifaa kilichobuniwa na Burton Bloom mwaka 1970 kwa kazi tofauti kabisa, yaani kichujio cha Bloom. Badala ya kusaga jina zima, hulikata vipande vya herufi mbilimbili, wakihesabu na nafasi iliyo mwanzoni na mwishoni. Halima anakuwa _h, ha, al, li, im, ma, a_, vipande saba. Harima anakuwa _h, ha, ar, ri, im, ma, a_. Vitano kati ya saba ni vilevile.

Sasa piga picha ya safu ya visanduku 1,000, vyote vikiwa na sifuri. Kila kipande husagwa kwa ufunguo wa siri mara kadhaa, tuseme 15, na kila mara hesabu hutaja kisanduku kimoja ambacho kinawekwa moja. Kipande "im" cha zahanati na "im" cha hospitali hutaja visanduku vilevile, kwa sababu pande zote mbili zina ufunguo mmoja. Mwishoni kila jina ni safu ya sifuri na moja, na majina yanayokaribiana huwa na safu zinazokaribiana. Safu hizo hupelekwa kwa mwoanishaji, chombo cha tatu ambacho hakina ufunguo. Yeye huhesabu moja zilizo pamoja, huzizidisha kwa mbili, kisha hugawa kwa jumla ya moja za pande zote mbili. Kwa kuhesabu vipande vyenyewe, Halima na Harima wanapata mara mbili ya 5 gawanya kwa 14, yaani 0.71. Kwenye visanduku alama hupanda kidogo, kwa kuwa vipande tofauti huweza kuangukia kisanduku kimoja.

Hapo usishangilie mapema. Halima ana dada, Salima, na majina yao yanatofautiana kwa vipande viwili tu: nao wanapata 0.71 ileile. Jina moja halitoshi kumtenganisha ndugu na kosa la karani. Ndiyo maana taarifa kadhaa hutiwa katika safu moja. Ongeza jina la baba na tarakimu nane za tarehe ya kuzaliwa, kila moja na nafasi yake. Halima Rashidi na Harima Rashid, wote wa 14 Machi 1988, sasa wana vipande 19 vya pamoja kati ya 23 na 22: alama inapanda hadi 0.84. Salima Rashidi, aliyezaliwa 2 Novemba 1991, ana jina la baba lilelile herufi kwa herufi, lakini anashuka hadi 0.65. Mpaka ukiwekwa 0.80, dada wawili wanatengana na Halima anaonekana ni mmoja.

Lakini kinachomwezesha mwoanishaji kuona ukaribu ndicho kinachovuja. Kipande kinachopatikana katika majina mengi, kama "a_" mwishoni, huwasha visanduku vilevile mara nyingi. Mwaka 2011 Mehmet Kuzu na wenzake walionyesha kwamba mwenye orodha ya majina ya kawaida anaweza kulinganisha marudio hayo na kufumbua baadhi ya safu bila ufunguo. Mwaka 2014 kundi ambalo Schnell mwenyewe alikuwamo lilivunja vichujio vya aina ya kwanza.

Kutia taarifa zote katika safu moja husaidia hapa pia, maana marudio ya jina moja humezwa na tarehe. Njia nyingine ni kuongeza mwaka wa kuzaliwa kwenye ufunguo, ili "im" ya 1988 iwashe visanduku tofauti na "im" ya 1991. Ila mwaka ukiandikwa vibaya, jozi ya kweli inapotea. Wengine hugeuza visanduku vichache kwa bahati nasibu, na kadiri wanavyogeuza vingi, ndivyo majirani kama Harima wanavyoteleza chini ya mpaka. Kila kipimo cha siri hulipwa kwa kipimo cha usahihi.

Kwa hiyo taasisi ikikuambia majina yako "yamefanyiwa heshi", uliza mambo mawili. Yalichanganywa na ufunguo? Na anayelinganisha ana ufunguo huo? Kama ufunguo haukuwapo, au mwoanishaji naye anao, anaweza kuchukua orodha yoyote ya majina, kuisaga kama wao, na kumsoma Halima kana kwamba jina lake limeandikwa wazi.