UPS inalia na kuzima baada ya sekunde chache: pima kwanza kabla ya kununua mpya

Mama mmoja mwenye steshenari kando ya barabara kuu hapa Nanyala alikuwa anachapa mtihani wa darasa la saba alioletewa na mwalimu. Umeme ukakatika. UPS iliyo chini ya meza ikalia pii, pii, pii, na kabla hajafika kwenye kitufe cha kuhifadhi, kompyuta ikazima. Kurasa tatu zilipotea, na mwalimu alikuwa anazihitaji jioni ile ile.

Fundi aliyepita dukani alimwambia UPS yake ni ndogo, anunue kubwa zaidi. Mama huyu alitupigia simu kipindini akiuliza: “Kaka, mbona zamani ilikuwa inanipa muda wa kumaliza kazi na kompyuta ni hiyo hiyo?”

Swali hilo lilikuwa na nusu ya jibu. Kama kompyuta haijabadilika na muda umepungua, cha kushuku kwanza ni betri, au kitu kingine kilichochomekwa kwenye UPS baadaye. Tulikwenda kupima yote mawili.

Mzigo halisi ni kiasi gani?

UPS yake imeandikwa 650 VA, lakini mgongoni kuna namba nyingine, 360 W. Hiyo ya pili, yaani wati, ndiyo ya kulinganisha na vifaa vyako. Wengi husoma ile kubwa ya kwenye boksi na kudhani wana nguvu kuliko waliyonayo.

Wati za kompyuta usizichukue kwenye kibandiko cha pawasaplai. Kikisema 450 W, hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, si kile inachovuta ukiwa unachapa barua. Njia rahisi ya kujua ukweli ni mita yako ya LUKU. Ina taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu yake pameandikwa namba inayofuatwa na imp/kWh. Mita ya duka hili imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake taa humweka mara 1,000 kwa kila uniti moja.

Tulizima kila kitu dukani, tukachomeka kompyuta na monita moja kwa moja ukutani bila kupitia UPS, maana UPS nayo huvuta umeme wa kuchaji. Taa ilipomweka tulianza kuhesabu muda kwa simu. Mimweko mitano iliyofuata ilichukua sekunde 160, yaani sekunde 32 kwa kila mmweko. Hesabu yake ni hii:

```
wati = 3600000 / (imp × sekunde za mmweko mmoja)
3600000 / (1000 × 32) = 112.5
```

Wati 112.5 ni chini ya theluthi moja ya 360. UPS haikuwa ndogo.

Kisha tukazima kompyuta na kupima printa ya leza, ambayo nayo ilikuwa imechomekwa kwenye UPS. Ikitoa karatasi mfululizo, taa ilimweka kila sekunde 9, yaani wati 400 kwa wastani. Kipashio cha ndani kinapowaka, printa ya aina hii huvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Printa peke yake inapita uwezo wa UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuchapisha, UPS hulia mlio mrefu usiokatika, kisha huzima. Dawa ya hilo ni kuhamishia printa ukutani, basi.

Betri inayodanganya

Hata hivyo, siku mtihani ulipopotea printa ilikuwa imezimwa. Ilibaki betri. Ndani ya UPS nyingi ndogo kuna betri moja iliyofungwa, ya volti 12 na 7 Ah, na kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano. Joto huipunguzia umri, na kukaa muda mrefu bila chaji huiua kabisa, kwa sababu bamba zake za risasi hujifunika utando mgumu unaozuia umeme kupita.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuliipima kwa multimita ikasoma volti 12.7, kama betri nzima. Lakini betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imekaa tu. Ipe kazi ndipo useme. Tuliunga balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, ya volti 12 na wati 35, huku multimita ikiwa bado imeshikizwa. Ndani ya nusu dakika volti zilishuka hadi 9.8. Betri nzima iliyojaa chaji ingebaki kwenye 12 au karibu yake. Balbu hiyo huvuta kama ampea 3 tu, wakati kompyuta ile kupitia UPS inavuta karibu ampea 12. Ndiyo maana ilizima kwa sekunde.

Kubadilisha

Betri mpya iwe na volti 12 na Ah zile zile, vipimo vile vile, na ncha za upana ule ule, maana zipo nyembamba na pana. Dukani, ipimwe mbele yako: isome zaidi ya volti 12.5, la sivyo imekaa sana rafuni. Iweke pia kwenye mizani. Betri ya 7 Ah huwa na uzito wa kilo 2 hivi. Ikiwa nyepesi sana, risasi ndani ni kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Zima kompyuta, zima UPS, kisha chomoa waya wake ukutani. Usiruke hatua hiyo, kwani katika UPS nyingi waya za betri zinaweza kuwa na umeme wa ukutani. Piga picha jinsi waya zilivyokaa. Chomoa mweusi kwanza, kisha mwekundu, na bisibisi isiguse ncha zote mbili kwa pamoja. Usiguse saketi ya ndani. Unapofunga mpya, mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha. Ukigeuza, unaunguza fyuzi au saketi.

Betri ya gari usiiunge hapo. Chaja ya UPS ndogo haiwezi kuijaza vizuri, betri hiyo hutoa gesi inayowaka, na UPS yenyewe haikutengenezwa kufanya kazi kwa saa nzima, hivyo hupata joto hadi kuungua. Ya zamani ipelekwe kwa wanaonunua betri chakavu. Isichomwe wala kuachiwa watoto, kwani ina risasi na asidi.

Mama aliiacha UPS ichaji usiku kucha. Asubuhi, akiwa amehifadhi kila kitu, alichomoa waya wa UPS ukutani akaangalia saa. Kompyuta na monita zilikwenda dakika 16. Usitegemee muda mrefu zaidi kwa kuzidisha 12 kwa 7, maana betri ndogo ikivutwa kwa kasi hutoa sehemu tu ya kilichoandikwa, na UPS nayo hula kiasi chake.

Sasa umeme ukikatika anasikia mlio, anahifadhi, anazima kompyuta ndani ya dakika mbili, na haisubiri betri iishe. Tarehe ya kufunga betri ameiandika kwa kalamu ubavuni mwa UPS, ili mwaka wa tatu ukifika airudie ile balbu ya pikipiki kabla kazi ya mtu haijapotea tena.