Betri Moja ya Boda Inakula Uniti Ngapi za Jua?

Anayetaka kufungua kituo cha sola cha kubadilishia betri za bodaboda za umeme, tuseme mjini Kisumu, asianze na paneli. Aanze na betri inayorudi ikiwa karibu kuisha.

Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba uniti 2.88, uniti zilezile tunazonunua kwa tokeni. Dereva haimalizi yote; huirudisha ikibaki na asilimia 20 hivi. Kwa hiyo ametumia uniti 2.3, ambazo humtosha kilomita 70 hivi. Wakati wa kuijaza tena, chaja na inveta hupata moto na kupoteza umeme njiani, hivyo kila betri inayobadilishwa huhitaji uniti 2.7. Betri 20 kwa siku ni uniti 54.

Paneli iliyoandikwa wati 550 hupimwa katika hali ya maabara. Juu ya bati la moto, na vumbi la barabarani, mimi huhesabu asilimia 77 tu ya hizo. Jua la Kisumu, ukilikusanya tangu asubuhi hadi jioni, ni sawa na takriban saa 5 za jua kali la utosini. Paneli moja basi hutoa uniti 2.1 kwa siku, wala haitoshi kujaza betri moja! Uniti 54 zinataka paneli 26, na nafasi ya mita za mraba karibu 70. Siku ya mawingu mazito, saa hizo zikishuka hadi 3, paneli hizohizo zitajaza betri 12.

Hapo wengi huona hesabu imekwisha, ilhali gharama kubwa iko kwenye rafu. Jua hukaza mchana, lakini madereva hubanana asubuhi na jioni. Chukua kituo kisicho na umeme wa gridi: betri 8 huchukuliwa kabla ya saa 3 asubuhi, 5 mchana, na 7 baada ya saa 10 jioni. Zile 7 zinazorudi jioni hulala tupu hadi kesho yake. Zile 8 za alfajiri lazima ziwe zimejaa tangu jana. Kila usiku rafu inabeba betri 15, mbali na zilizo kwenye pikipiki. Gridi ikiwepo, hata kama ni ya usiku tu, idadi hiyo hupungua sana, na ndiyo maana ningelipia laini ya umeme kabla ya kununua betri za ziada.

Kila chaja pia iwe na mita yake. Betri iliyozoea kunywa uniti 2.7 ikianza kujaa kwa uniti 2, ingawa imerudi na asilimia ileile, imechakaa. Itoe kwenye mzunguko kabla haijamwacha dereva na abiria wake katikati ya barabara.