Kivuli kwenye karatasi ya printa: dramu au joto?

Kivuli cha printa ya leza ni nakala hafifu ya maandishi au picha iliyokwisha kuchapwa, inayojitokeza tena sentimita kadhaa chini ya mahali pake pa asili. Pengine hurudi mara ya pili na ya tatu, kila mara ikififia zaidi. Huonekana hasa chini ya vitu vyeusi tii: nembo ya shule, kichwa cha barua chenye herufi nene, mstari mpana wa jedwali. Hakitokani na kompyuta wala na faili. Kimeachwa na kitu kinachozunguka ndani ya mashine, kilichobeba alama ya mzunguko uliopita na kuitua kwenye mzunguko unaofuata.

Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, na sehemu zinazoigusa ndani ya printa ni ndogo mno kulinganisha na urefu huo. Dramu ya printa nyingi za mezani ina kipenyo cha milimita 24, maana yake mzingo wake ni milimita 75 hivi. Kabla ukurasa mmoja haujatoka, dramu imezunguka karibu mara nne. Ikiwa imeshindwa kusahau ilichochora katika mzunguko wa kwanza, itakirudia milimita 75 chini yake. Fyuza, yaani sehemu inayoyeyusha wino kwa joto, nayo huzunguka, ila kwa mzingo wake yenyewe. Tofauti hiyo ya mizingo ndiyo humwezesha fundi kujua mkosaji ni nani kabla hajafungua skrubu hata moja.

Dramu ni bomba la aluminiamu lililopakwa utando mwembamba unaohisi mwanga. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele wa mtu, na kazi yote ya uchapaji inautegemea. Gizani una uwezo wa kushika chaji ya umeme, na ukipigwa na mwanga huiachia. Kila mzunguko huanza kwa rola ya chaji kuupa uso wote wa dramu chaji hasi inayolingana, kwa kawaida volti 600 hivi chini ya sifuri. Kisha mwale wa leza hupiga pale panapotakiwa weusi, na hapo chaji hushuka hadi volti 100 au karibu yake. Tona, ule unga laini wa plastiki wenye rangi, nayo ina chaji hasi, kwa hiyo husukumwa mbali na sehemu zenye volti 600 na kutua pale palipopigwa na leza. Rola ya chini ya karatasi, yenye chaji chanya, huivuta tona kutoka kwenye dramu hadi kwenye karatasi. Katika printa nyingi ubapa wa mpira hukwangua tona iliyobaki, na mzunguko mpya huanza.

Uchakavu huvuruga mpango huu kwa njia mbili, na kila moja ina kivuli chake. Njia ya kwanza ni ya chaji. Kila mzunguko, ubapa na karatasi hula utando kidogo kidogo, na matumizi ya muda mrefu huacha ndani yake chaji zilizonaswa zisizotoka kwa urahisi. Pale leza ilipopiga, rola ya chaji hujaribu kurudisha volti 600 lakini hufika, tuseme, 570 tu. Upungufu huo hautoshi kuivuta tona kwenye eneo jeupe, kwa sababu printa imeachiwa nafasi ya usalama. Kwenye eneo la kijivu, ambako tona inatua nusu nusu, upungufu mdogo tu wa volti huongeza weusi unaoonekana kwa macho. Kwa hiyo kivuli cha chaji huonekana waziwazi kwenye mandhari ya kijivu au kwenye picha, na hupotea kabisa kwenye karatasi nyeupe. Mtu anayechapa barua tupu anaweza kukaa na dramu hiyo miezi mingi bila kujua.

Njia ya pili ni ya tona yenyewe. Ubapa ukichakaa au ukinyofoka ukingo, hauifuti tona yote, na ile iliyosalia huzunguka na dramu hadi ikutane tena na karatasi. Kivuli cha namna hii hakichagui: huonekana hata kwenye weupe, na mara nyingi huambatana na michirizi ya wima pale ukingo ulipoliwa. Hali hii ni ya kawaida kwa katriji zinazojazwa upya. Tona mpya humwagwa ndani mara tatu au nne, lakini dramu na ubapa hubaki vile vile vya siku ya kwanza, ingawa vilitengenezwa vimalize maisha yao pamoja na tona ya mwanzo. Anayejaza katriji bila kubadilisha dramu anamuuzia mteja nusu ya kazi, na mteja anastahili kuliuliza jambo hilo kabla ya kulipa.

Baada ya dramu, karatasi huingia kwenye fyuza ikiwa na unga ambao bado unafutika kwa kidole. Hapo hubanwa kati ya rola mbili. Katika printa ndogo nyingi ile ya juu ni filamu nyembamba inayozunguka kipashajoto, na ya chini ni ya mpira. Uso wa filamu huwa na joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, na karatasi huigusa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Katika muda huo tona inapaswa kuyeyuka, kupenya nyuzi za karatasi na kuiachia filamu bila kubakisha chembe juu yake.

Joto likipungua, tona huyeyuka upande wa juu tu, ule unaogusa filamu, na chini hubaki unga usioshika karatasi. Baadhi yake huondoka na filamu, huzunguka nayo na kubandikwa chini zaidi ya ukurasa. Joto likizidi, tona huwa majimaji kupita kiasi, hupasuka katikati ya unene wake, na tabaka la juu hubaki kwenye filamu. Makosa haya mawili yanapingana, lakini matokeo yake kwenye karatasi yanafanana: kivuli kilekile, kwa umbali uleule, ambao kwa filamu yenye kipenyo cha milimita 18 ni milimita 57 hivi.

Namna ya kuyatofautisha iko kwenye dalili zinazoandamana nayo. Ikiwa joto ni pungufu, maandishi hufutika yakisuguliwa kwa kidole, na hali huwa mbaya zaidi kwenye karatasi nene au kwenye kurasa za kwanza baada ya printa kuwashwa. Unyevu pia hulipunguza, kwa sababu sehemu ya joto hutumika kuyageuza maji ya karatasi kuwa mvuke. Rimu iliyoachwa wazi wakati wa masika pwani inatosha kuleta kivuli kwenye mashine isiyo na kasoro yoyote. Joto likiwa limezidi, maandishi hung'aa kupita kawaida, karatasi nyembamba hujikunja, na kivuli huongezeka kadiri kazi ndefu inavyoendelea. Mara nyingi chanzo chake ni kihisi joto kilichopakwa tona, kinachodhani fyuza ni baridi kuliko ilivyo. Pia ipo tona ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mashine nyingine: hiyo huyeyuka kwa joto tofauti, hivyo fyuza iliyo sawa kabisa huonekana kama imeharibika.

Kipimo cha kwanza ni rula. Huchaguliwa alama moja iliyo wazi, kwa mfano ukingo wa juu wa nembo, kisha hupimwa kutoka hapo hadi ukingo uleule wa kivuli chake, kwa kufuata mwelekeo ambao karatasi ilipita. Milimita 75 huelekeza kwenye dramu ya milimita 24, na 94 kwenye dramu ya milimita 30, iliyopo katika printa nyingi kubwa kidogo. Hata hivyo rula haimalizi kesi. Zipo printa ambazo rola ya fyuza na dramu zina kipenyo kimoja. Pia rola inayopeleka tona kwenye dramu huzunguka haraka kuliko dramu, hivyo kivuli chake hujitokeza kwa umbali mfupi usiolingana na mzingo wake wenyewe.

Hapo ndipo jaribio la kukatiza linapofaa. Ukurasa wa majaribio hutumwa, na mlango wa printa hufunguliwa wakati karatasi imeingia nusu, ikiwa imeshapita dramu lakini haijafika yote kwenye fyuza. Hutolewa taratibu, kwa sababu tona yake haijashika. Kivuli kikionekana kwenye sehemu ambayo haijafika kwenye fyuza, fyuza haihusiki. Sehemu hiyo ikiwa safi, na kivuli kipo kwenye kurasa zinazokamilika, dramu haina kosa.

Tuchukue shule inayochapa vyeti vyenye nembo nyeusi juu, kwenye kadi ya gramu 160. Kwenye karatasi ya gramu 80 vyeti hutoka safi, lakini kwenye kadi nembo inarudi hafifu milimita 57 chini, na jina la mwanafunzi linafutika kwa kidole. Jaribio la kukatiza linaonyesha sehemu isiyopita fyuza ni safi. Dalili zote zinaelekeza kwenye joto pungufu, na sababu iko kwenye kompyuta: aina ya karatasi imeachwa kuwa `Plain`. Ikibadilishwa kuwa `Cardstock`, printa huongeza joto au hupunguza mwendo, na kivuli hutoweka. Kwenye printa za Brother kuna pia chaguo la `Improve Toner Fixing`, lenye lengo hilohilo. Joto likizidi kwenye karatasi nyembamba, hufanywa kinyume kwa kuchagua `Light`.

Miezi kadhaa baadaye, mashine ileile inachapa kalenda yenye mandhari ya kijivu, na nembo inarudi milimita 75 chini, mara mbili, kwenye kijivu tu. Maandishi hayafutiki, na kubadilisha aina ya karatasi hakusaidii. Hii ni dramu iliyochoka, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoifufua. Kuipangusa kwa spiriti hakuiponyi, na kunaweza kuiharibu zaidi. Dawa ni kuibadilisha: pamoja na katriji pale zilipounganishwa, au peke yake katika printa ambazo dramu ni kifaa tofauti. Dramu mpya iliyoachwa juani au chini ya taa kali kabla ya kufungwa huanza kazi ikiwa tayari na vivuli. Ikiwa mwanga uliipata kwa muda mfupi tu, kuipumzisha gizani kwa saa kadhaa huenda kukaiponya.

Fyuza nayo, ikiwa ina tona iliyoganda, husafishwa kwanza kwa kupitisha kurasa tupu kadhaa, au ukurasa wa usafishaji ambao printa nyingi zina amri yake. Kurasa hizo zikiendelea kutoka na alama kwa umbali uleule, filamu imeharibika, na hubadilishwa baada ya mashine kuchomolewa kwenye umeme na kuachwa ipoe.